36 kwa 51

Mwezi Februari mwaka 2009, katika mkutano wa wanasayansi wa UKIMWI uliofanyika Montreal, Kanada, ilitangazwa habari ambayo ilifika mpaka huku kwetu kandokando ya Ziwa. Ilisemwa kwamba kwa mara ya kwanza imeonekana jeli ambayo mwanamke anaweza kujipaka ukeni kabla ya kujamiiana na ikapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Jeli hiyo iliitwa PRO 2000. Katika jaribio lililofanywa Malawi, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini na Marekani, wanawake 3,000 na ushei waligawanywa kwa kura katika makundi manne, wakafuatiliwa kwa wastani wa miezi 20 hivi. Waliopewa PRO 2000 walioambukizwa walikuwa 36. Waliopewa jeli ya kufanana nayo isiyo na dawa yoyote walikuwa 51. Ukiandika kwa asilimia unapata pungufu ya 30.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pa mtu mwenye kuamua. Huku Mara tunalo jeraha letu. Hakuna kijiji kati ya Musoma na Bunda ambacho hakikuzika vijana katika miaka ya 1980 na 1990. Mwanamke ambaye mumewe ni mvuvi wa kuhamahama, au dereva, hana uwezo wa kumlazimisha avae kondomu. Jeli ni kitu ambacho angeweza kukitumia mwenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na hapa umeletewa karatasi inayosema asilimia 30. Je, utaanza kuigawa?

Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nikiwafundisha watu watakaokwenda kuwafundisha wengine. Kwa sababu hiyo nilipoisoma habari ile sikuanza na asilimia. Nilitafuta namba zenyewe zilizohesabiwa kwa vidole, yaani 36 na 51. Asilimia ni mgeni aliyevaa vizuri. Huwezi kujua ametoka nyumba kubwa au kibanda. Asilimia 30 yaweza kutoka katika watu 7 kwa 10, na yaweza kutoka katika watu 7,000 kwa 10,000, na habari hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Chuoni nilikuwa na zoezi moja nililolipenda. Kila mwanachuo alileta shilingi moja, ile ya zamani yenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, akairusha mara 20 na kuandika amepata vichwa vingapi. Darasa lilikuwa la watu 40. Shilingi haina upendeleo, hivyo kila mtu alitegemea 10 kwa 10. Lakini wachache sana ndio waliopata 10 kamili. Wengi walipata 8, 9, 11 au 12, na kila mwaka walikuwapo wawili au watatu waliopata vichwa 14 au zaidi. Hapo nilimwita mmoja wao mbele na kuliuliza darasa kama shilingi ya mwenzao ina uchawi. Walicheka. Kisha nikawaambia: sasa fikirini kwamba 14 ni wagonjwa waliopona kwa dawa mpya na 6 ni waliopona kwa dawa ya zamani. Mbona hamcheki tena?

Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa jambo hili. Bahati peke yake, bila dawa na bila sababu yoyote, huzaa tofauti. Swali la kwanza la mtu aliyeletewa matokeo ya makundi mawili ni hili: tofauti hii ni kubwa kupita ile ambayo bahati ingeweza kuizaa yenyewe, au sivyo?

Wataalamu wa takwimu wana njia ndefu za kulijibu. Lakini kuna njia fupi ambayo mwalimu wa darasa la saba anaweza kuitumia, na mradi makundi mawili yawe na ukubwa uliolingana na matukio yanayohesabiwa yawe machache kulingana na idadi ya watu, haiko mbali na zile ndefu. Chukua hesabu ya kundi la kwanza, ujumlishe na ya kundi la pili. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Hicho ndicho kipimo cha mtikisiko wa kawaida wa bahati. Kisha kizidishe kwa 2. Kama tofauti kati ya makundi haifiki hapo, usishangilie. Kama inapita hapo, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kama hiyo takriban mara moja tu katika kila majaribio 20.

Tuifanye kwa jeli. 36 na 51 ni 87. Kipeuo cha pili cha 87 ni 9.3. Mara mbili yake ni karibu 19. Tofauti kati ya 36 na 51 ni 15. Haikufika. Watafiti wenyewe, kwa njia zao ndefu, walipata kwamba bahati ingeweza kuleta tofauti kama ile, upande huu au ule, mara 10 katika kila mara 100, nasi kwa kipeuo chetu tunapata kati ya 10 na 11. Walieleza pia kwamba ukweli unaoweza kukaa pamoja na namba zile unaanzia jeli inayopunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu mpaka jeli inayoyaongeza kwa asilimia 8. Maneno hayo yafaa kusomwa mara mbili. Karatasi ileile iliyobeba tumaini la nusu ilibeba pia uwezekano wa madhara, na namba 30 ilikuwa katikati tu ya njia hiyo ndefu.

Kuna jambo la pili lililonipunguzia furaha. Makundi, kama nilivyosema, yalikuwa manne. Kundi moja lilipewa jeli nyingine kabisa, na walioambukizwa humo walikuwa 54. Kundi la mwisho halikupewa jeli yoyote, na walioambukizwa walikuwa 53. Mtu anaweza kusema: tazama, makundi matatu yamekaa pamoja kwenye 51, 53 na 54, na PRO 2000 peke yake imeshuka hadi 36, si dalili hiyo? Ni dalili, sikatai. Hata hivyo, jeli zilizojaribiwa ni mbili, na iliyosemwa sana magazetini ni ile iliyotokea vizuri. Kumbuka wale wanachuo wangu 40. Ukimwita mbele yule aliyepata 14 bila kuwataja 39 waliobaki, utaiona shilingi ina uchawi. Kadiri vitu vinavyojaribiwa vinavyokuwa vingi, ndivyo kile kinachoongoza kinavyohitaji kuongoza kwa mbali zaidi.

Huenda msomaji anafikiri haya ni ya madaktari na maprofesa. La hasha. Mjukuu wangu mmoja ana duka la pembejeo Bunda, anauza mbegu, dawa za pamba na vifaranga. Siku moja alikuja kunitembelea Musoma akiwa amejaa habari. Alikuwa ameandika ujumbe wa simu wa aina mbili kwa wateja. Mmoja ulitangaza bei ya vifaranga tu. Wa pili ulisema vifaranga vimekwisha chanjwa. Alikuwa amepanga majina ya wateja 400 kwa kupokezana, huyu ujumbe huu, yule ujumbe ule, 200 kwa 200. Kwa hilo nilimsifu, maana wengi huwapelekea ujumbe mpya wateja wao wazuri, halafu wakaustaajabia ujumbe. Ule wa bei ulileta wanunuzi 9, na ule wa chanjo ukaleta 15.

"Babu, wa chanjo umeushinda wa bei kwa zaidi ya nusu," aliniambia. "Nataka nibadilishe kila kitu. Mabango, redio, mpaka maandishi ya ukutani."

Nilimpa karatasi. 9 na 15 ni 24. Kipeuo cha pili ni karibu 5, na mara mbili ni karibu 10. Tofauti yake ni 6.

"Kwa hiyo ujumbe wa chanjo hauna kitu?" aliuliza, uso umeshuka.

Hapana, nilimwambia, hilo nalo hukulipima. Kosa la kuona 6 na kusema nimeshinda lina ndugu yake, nalo ni la kuona 6 na kusema hakuna kitu. Hesabu ile inasema jambo moja tu, kwamba wateja 400 ni wachache mno kuweza kutofautisha ujumbe mzuri na bahati njema. Tukakaa tukatafuta wangehitajika wangapi. Kama kweli uwiano ni 9 kwa 15, ukiendelea hivyohivyo utafika kwenye 24 kwa 40. Hapo jumla ni 64, kipeuo ni 8, mara mbili ni 16, na tofauti ni 16 kamili. Maana yake angehitaji wateja zaidi ya 500 kwa kila ujumbe, badala ya 200, na hiyo ni kwa kufika mlangoni tu, kwani bahati ikimwelemea kidogo upande wa pili atabaki nje. Mwenye kutaka usalama aandae mara mbili ya hao.

Nilimpa na sharti moja ambalo wafanyabiashara hawalipendi. Idadi hiyo aiandike kabla ya kuanza, na asisimame kabla ya kuifikia. Mtu akichungulia hesabu kila jioni na kusimama siku ile anayoona tofauti imepita mstari, atasimama siku ya bahati. Hata shilingi isiyo na hila, ukiirusha kutwa nzima na kuhesabu kila baada ya mara 10, kuna saa itavuka mstari, kisha itarudi. Anayeondoka mezani saa ile ataapa kwamba shilingi imependelea.

Kuhusu mabango nilimwachia mwenyewe. Kubadili maneno ya ujumbe wa simu hakumgharimu kitu, na kama ujumbe wa chanjo si bora, basi walau si mbaya; autumie leo. Maandishi ya ukutani na redio ni fedha. Kwa hayo angoje. Ukubwa wa ushahidi unaotakiwa unategemea unakwenda kufanya nini nao, na katika hili nadhani vitabu vya takwimu vinamdanganya mwanafunzi kidogo kwa kuweka mstari mmoja kwa mambo yote.

Turudi kwenye jeli, maana huko kukosea kulikuwa na gharama ya namna nyingine. Mwanamke aliyepewa jeli na kuambiwa inakinga anaweza kuilegeza kondomu. Kama jeli haikingi, umempokonya ngao ya chuma ukampa ya karatasi. Kwa hiyo wakati ule hakuna serikali iliyoanza kugawa PRO 2000, na kulikuwa na sababu nzuri ya kusubiri: jaribio kubwa zaidi la jeli ileile lilikuwa tayari linaendelea, na sehemu yake moja ilikuwa hapa jirani, Mwanza.

Jaribio hilo lilianza mwaka 2005 kwa fedha za serikali ya Uingereza, likawa na vituo Afrika Kusini, Zambia, Uganda na Tanzania. Mwanza liliendeshwa na watafiti wetu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wakishirikiana na wenzao wa London na wa AMREF. Wanawake walioombwa kushiriki walikuwa wanaofanya kazi katika baa, hoteli, nyumba za wageni na vilabu vya pombe, na mama lishe. Sina shaka miongoni mwao walikuwamo mabinti wa Mara, kwani anayetafuta kazi ya namna hiyo kutoka kwetu hupanda basi, akapita Bunda na Lamadi, akateremka Mwanza. Kwa jumla, katika nchi zote nne, walioandikishwa walikuwa 9,385, mara tatu ya lile jaribio la kwanza.

Ukubwa huo haukuwekwa kwa fahari. Kipeuo cha pili kina tabia yake, ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya takwimu. Matukio yakiongezeka mara nne, mtikisiko wa bahati huongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana sauti ya dawa, kama dawa ina sauti, husikika kadiri hesabu inavyokua, na kelele ya bahati huachwa nyuma. Kwa jeli inayopunguza kweli kwa asilimia 30, jaribio lenye matukio 87 lingeweza kukosa kuiona karibu mara sita katika kila kumi. Lenye matukio 250 lingeiona mara nane katika kumi au karibu na hapo.

Zingatia pia jinsi walivyojizuia wasichungulie. Watafiti waliokutana na wanawake kila siku hawakujua nani ana jeli yenye dawa na nani hana, na wanawake wenyewe hawakujua. Namba za pande zote ziliangaliwa na kamati ya watu wa nje tu, kwa nyakati zilizopangwa. Mwezi Februari 2008 kamati hiyo ilishauri kundi moja, lililokuwa likitumia PRO 2000 yenye nguvu zaidi, lisimamishwe, kwa sababu hata jaribio likiendelea hadi mwisho jeli ile haingeweza kuonyesha faida. Makundi mawili yaliyobaki yaliendelea: jeli yenye dawa ya kiasi kilekile kilichotumika kwenye jaribio la Malawi na wenzake, na jeli isiyo na dawa. Ilipotangazwa ile asilimia 30 mwaka 2009, hawakusimama kushangilia wala hawakubadili mpango. Walimaliza hesabu yao.

Majibu yalitolewa Desemba 2009. Katika kundi la PRO 2000 walioambukizwa ni 130. Katika kundi la jeli isiyo na dawa ni 123.

Fanya mwenyewe, msomaji. Jumla 253, kipeuo karibu 16, mara mbili 32. Tofauti ni 7, na imeangukia upande usiotakiwa. Ile asilimia 30 ilikuwa imeyeyuka yote. Jeli haikudhuru, lakini haikukinga, na huo ukawa mwisho wa PRO 2000. Sioni kwamba jaribio la kwanza lilifanywa vibaya. Lilifanywa vizuri, lilitangaza namba zake zote, na ukilisoma kwa makini lilikuwa limesema lenyewe kwamba haliwezi kuthibitisha. Waliolipa uzito usio wake ni wasomaji.

Sasa nitaje tokeo jingine la kanda yetu ambalo lilivuka mstari, ili isionekane kwamba kipeuo cha pili kazi yake ni kuvunja mioyo tu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, watafiti walichukua maeneo 12 ya vijijini, wakayapanga jozi sita, ya ziwani kwa ya ziwani, ya barabarani kwa ya barabarani, ya kisiwani kwa ya kisiwani. Katika kila jozi, kwa kura, eneo moja liliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya: waganga walipewa mafunzo, dawa zikahakikishwa hazikatiki, wakaguzi wakapita mara kwa mara, wananchi wakahamasishwa waje mapema. Baada ya miaka miwili walihesabu maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima waliokuwa salama mwanzoni. Kwenye maeneo yenye matibabu bora walikuwa 48 kati ya 4,149. Kwenye mengine walikuwa 82 kati ya 4,400.

Jumla ni 130, kipeuo 11.4, mara mbili karibu 23, na tofauti ni 34. Imevuka kwa mbali, hata ukiondoa kidogo kwa sababu kundi la pili lilikuwa na watu wengi kuliko la kwanza.

Hata hivyo hapa mwalimu mkali angenyoosha mkono, na angekuwa na haki. Kanuni ya kipeuo inadai kila tukio liwe kama mrusho wake wa shilingi, usiotegemea mwingine. Kura ya Mwanza haikupigwa mtu kwa mtu, ilipigwa eneo kwa eneo. Watu wa eneo moja wana mambo yao ya pamoja. Mnada ukianzishwa au mwalo ukichangamka, wengi wataambukizana kwa pamoja, na watu 10 watakuwa ni tukio moja lenye vichwa 10. Kwa hiyo ukihesabu kwa haki, shilingi zilizorushwa hazikuwa maelfu. Zilikuwa sita, jozi sita.

Waliziangalia moja moja. Katika jozi zote sita, bila kukosa hata moja, eneo lenye matibabu bora ndilo lililokuwa na maambukizi mapya machache. Uwezekano wa shilingi sita kulala upande mmoja wote, huu au ule, ni 1 katika 32. Zingekuwa tano kwa moja, uwezekano wake au zaidi ya hapo ungekuwa 14 katika 64, yaani zaidi ya moja katika tano, na habari ingekuwa dhaifu kabisa. Jozi moja tu ndiyo iliyokuwa kati ya tokeo la kuaminika na la kutiliwa shaka. Watafiti walitumia hesabu yenye nguvu zaidi, inayotazama pia ukubwa wa tofauti katika kila jozi, wakapata pungufu ya asilimia 42, na bahati isingeweza kuileta hata mara moja katika 100. Yalichapishwa katika jarida la Lancet Agosti 1995. Dunia nzima ikageuka kutazama Mwanza, na matibabu ya magonjwa ya zinaa yakawa nguzo ya mikakati ya kuzuia UKIMWI katika nchi nyingi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, yakaja matokeo kutoka Rakai, Uganda, ng'ambo ya Ziwa. Huko maeneo 10 yaligawanywa, na badala ya kusubiri wagonjwa zahanati, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na kuwapa dawa watu wote wazima, wagonjwa na wazima wa afya. Maambukizi mapya yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka upande wenye dawa. Upande usio na dawa yalikuwa 1.5.

Wapo waliosema basi Mwanza walibahatika. Mimi sikubali, na sababu zangu ni mbili. Jozi sita kwa sita pamoja na ukubwa wa tofauti ni vigumu kuzitupia bahati. Tena mazingira hayakuwa mamoja. Vijijini Mwanza wakati ule karibu watu 4 katika 100 walikuwa na virusi, na ugonjwa ulikuwa bado unapanda kupitia watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio wenye kisonono na kaswende. Rakai walikuwa karibu 16 katika 100, ugonjwa umekwisha ingia ndani ya ndoa, ambako virusi hupita hata pasipo kisonono. Dawa ya kisonono haiwezi kuziba njia ambayo virusi havipiti. Isitoshe, anayepata kisonono mwezi wa pili baada ya wagawa dawa kupita, Rakai alikaa nacho mpaka wapite tena, au alijitafutia tiba mwenyewe. Mwanza alikwenda zahanati akaikuta dawa. Kipeuo cha pili kinaweza kukuambia tokeo la Mwanza si bahati. Hakiwezi kukuambia kwamba litatokea Rakai.

Mkakati wa zahanati haukufutwa hapa nchini kwa sababu ya Rakai. Mgonjwa wa kisonono alihitaji kutibiwa hata kama virusi vya UKIMWI visingekuwapo, na dawa zake ni rahisi, hivyo uamuzi ule haukuwa umesimama juu ya 48 kwa 82 peke yake. Ule wa jeli ungesimama juu ya 36 kwa 51, wala chini yake hakukuwa na kitu kingine.